Usimrudishie pesa mteja aliyekwisha kufungua pingamizi benki

"Mtalii wangu wa Ujerumani amepinga malipo ya Visa, anadai hakupata safari, ingawa alisafiri nasi. Nimrudishie tu pesa yaishe? Na kesi hizi mnazifuatilia kwa programu gani?"

Usimrudishie hata senti moja. Pingamizi likishafunguliwa, kwa kawaida benki yako hukata kiasi chote kwenye akaunti yako kabla hujajibu, na ukimrejeshea mteja mwenyewe unatuma muamala mwingine kabisa, usioifunga kesi. Nilifanya hivyo kwa safari ya Tarangire: benki ilikata dola 640, nami nikarejesha dola 640 nyingine. Afisa wa benki yangu aliyenishauri kwa simu alisema, "Mrudishie, kesi itajifunga yenyewe," basi sikujibu notisi, tarehe ya mwisho ikapita, na kukaa kimya huhesabiwa kuwa umekubali dai. Nilipolalamika, benki haikuwa na maandishi yoyote ya ushauri ule. Hadi leo inaniuma kwamba mtu anayelipwa kuijua kazi hii alitoa neno kama lile bila hata kufungua faili langu.

Zipo njia mbili tu. Kama mteja ana haki, likubali pingamizi na uache pesa iliyokwisha kukatwa ibaki huko. Kama alisafiri, jibu kwa ushahidi. Akikuahidi kuondoa dai, mwambie aiandikie benki yake na akupe nakala, kisha uiambatanishe na jibu lako, kwa sababu ahadi yake peke yake haisimamishi chochote.

Kabla ya kukusanya karatasi, soma namba ya sababu kwenye notisi. Dai la kutopata huduma huandikwa 13.1, na linajibiwa kwa kuonyesha kwamba huduma ilitolewa kwa mtu yule, siku ile: vocha aliyoisaini, uthibitisho wa hoteli wenye jina lake na usiku aliolala, stakabadhi ya lango la hifadhi ya tarehe hiyo, na ujumbe wake wa WhatsApp alioutuma akiwa njiani, picha ya skrini ikionyesha namba yake na tarehe. Kurasa ishirini za masharti ya kughairi hazijibu dai hilo, kwani hakuna aliyesema ameghairi. Tanguliza barua ya ukurasa mmoja inayopanga matukio kwa tarehe na kutaja kila kiambatanisho.

Kuhusu kuzifuatilia, kila kesi iandike kwenye orodha moja siku ileile notisi inapofika: namba ya kesi, ARN, yaani namba ya rejea ya muamala yenye tarakimu 23, namba ya sababu, kiasi, tarehe ya mwisho, siku uliyotuma jibu na jina la aliyelipokea. Visa hutoa siku 30, lakini hizo ni za benki yako, nayo itakupa pungufu ili ipate muda wa kupitia jibu. Fuata tarehe iliyo kwenye notisi yako. Na kabla ya kurejesha malipo ya mteja yeyote, kwanza tafuta ARN yake kwenye orodha hiyo.