Nafasi ya wastani 13.8 katika Search Console inasema nini?

Swali: Makala yangu ya chanjo za kuku imepata maonyesho 400 katika miezi mitatu, nafasi ya wastani ni 13.8, na mibofyo ni michache mno. Je, imekwama ukurasa wa pili wa Google? Nianzie wapi kuirekebisha?

Jibu: Anza kwa kuivunja hiyo 13.8, kwa sababu imechanganya maneno yote yaliyotafutwa, kila neno likivuta wastani kwa kadiri ya maonyesho yake, na huenda hakuna mtu hata mmoja aliyeikuta makala katika nafasi ya 13 wala ya 14.

Katika ripoti ya `Performance`, washa `Total impressions` na `Average position`, bofya anwani ya makala chini ya `Pages`, kisha hamia `Queries`. Tuseme unakuta maneno mawili: "chanjo ya kuku wa kienyeji", maonyesho 100, nafasi ya 4, na "ratiba ya chanjo ya vifaranga", maonyesho 300, nafasi ya 17. Hesabu yake ni hii:

```
(100 × 4 + 300 × 17) / 400 = 13.75
```

Kwa hiyo neno la kwanza liko salama, na kilichokwama ni ratiba ya vifaranga peke yake.

Hayo maonyesho 300 yasome kwa uangalifu. Matokeo yanapogawanywa kwa kurasa, Google huhesabu onyesho pale tu ukurasa wenye kiungo chako unapofunguliwa, na watafutaji wengi hawafiki ukurasa wa pili. Ina maana kwamba waliotafuta ratiba hiyo yaelekea ni wengi kuliko 300, ingawa programu za kukagua nafasi nazo huweza kuongeza idadi hiyo bila kuwapo msomaji.

Kabla ya kugusa maandishi, bofya neno hilo la ratiba chini ya `Queries` ili kulichuja, kisha fungua `Countries`, kwa kuwa nafasi ya 17 inaweza kuwa ya 8 Tanzania na ya 26 Kenya. Kisha ondoa kichujio cha makala, ubaki na neno, uangalie `Pages`: ikiwa makala yako nyingine inajitokeza kwa neno hilohilo, mara nyingi zinagawana nguvu, nami ningeziunganisha kwanza.

Ikiwa iko peke yake, soma matokeo ya ukurasa wa kwanza. Anayetafuta ratiba anataka jedwali la umri wa kifaranga, aina ya chanjo, yaani kideri, gumboro au ndui, na namna ya kuitoa. Aya ndefu kuhusu faida za chanjo hazimjibu.

Baada ya kurekebisha, linganisha siku 28 za kabla na 28 za baada kwa neno hilo tu. Wastani wa makala nzima unaweza kuharibika, yaani namba ikawa kubwa zaidi, hata mambo yakienda vizuri, kwa sababu makala iliyoboreshwa huanza kuonekana kwa maneno mapya katika nafasi za mbali.