Kura ya jezi kwenye X

"Hii kura ya rangi ya jezi bado iko wazi? Inafungwa lini?"

Bado, ndugu. Inafungwa Jumamosi saa 3 usiku. Angalia mstari mdogo chini ya machaguo, pembeni ya idadi ya kura: sasa hivi umeandikwa "2 days left". Ikifungwa, hapo patasomeka "Final results" na asilimia zitaonekana hata kwa ambaye hakupiga. Wewe unaona vitufe tu bila asilimia, basi bado unaweza kupiga.

Hiyo "2 days" haisemi saa kamili. Gusa tarehe ya posti: iliwekwa Jumatano saa 3 usiku, na aliyeiweka alisema ni ya siku tatu. Aliyesema hapo juu kwamba kura zote hufa baada ya saa 24 yuko sawa nusu. Siku moja ndiyo inayokuja yenyewe, lakini mwenye kura anaweza kuweka dakika 5 hadi siku 7.

Na wewe mzee wa Mbarara unayelalamika kwamba ilishafungwa, hiyo unayoiona si picha tu uliyotumiwa WhatsApp? Fungua posti yenyewe.