Mofini ikiandikwa, dawa ya choo iandikwe siku hiyo hiyo

Nyinyi mnaoanza kwenye wodi ya upasuaji hapa Kisumu mtakutana sana na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Hulala siku kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, akisubiri tiata. Muulizeni siku ya kwanza: ulienda choo lini mara ya mwisho, na kwa kawaida huenda mara ngapi? Wengi huwa wameshakauka kabla ya kisu, kwa sababu wanapunguza chakula na maji makusudi ili wasiombe bedipani mbele ya wageni wa kitanda cha pili. Mvutieni pazia kabla hajaomba.

Mofini na tramadoli hupunguza msukumo wa utumbo, kinyesi kikakaa ndani na kuzidi kunyonywa maji. Mwili huzoea usingizi na kichefuchefu vya dawa hizi, lakini kufunga choo hauzoei. Kwa hiyo msisubiri afunge. Mwombeni daktari aandike dawa ya kusukuma utumbo, kama sena, au bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, ifanye kazi asubuhi. Laktulosi hulainisha, ila huchukua siku moja au mbili na inataka maji ya kutosha. Unga wa nyuzinyuzi peke yake mimi siupendi hapa: utumbo usiosukuma ukijazwa zaidi, huziba.

Jambo dogo linalosahaulika ni chai ya maziwa ya jioni. Bisakodili ina ganda linalopaswa kuyeyukia kwenye utumbo. Maziwa au dawa ya kupunguza asidi huliyeyusha tumboni na mgonjwa akaumwa na mikazo. Iachane na chai kwa angalau saa moja, na isitafunwe.

Tuseme ni siku ya tatu baada ya upasuaji na kijana hajaenda. Gusa tumbo, uliza kama anatoa hewa. Tumbo likiwa laini na hewa inatoka, bisakodili ya kuweka njia ya haja kubwa, miligramu 10, mara nyingi hufungua ndani ya saa moja. Tumbo likiwa limejaa kama ngoma, hatoi hewa, anatapika, usimpe dawa ya kusukuma. Mwite daktari, huenda utumbo umesimama au umeziba. Na aliyekatwa utumbo wenyewe, usimwekee chochote huko nyuma bila ruhusa ya daktari wa upasuaji.

Mama yake akikwambia, "Sista, sasa anaharisha, mpe ya kufunga," usikimbilie. Majimaji yanayovuja kidogo kidogo kwa mtu aliyekaa siku nyingi bila choo huenda yanapita kando ya kinyesi kigumu. Daktari au muuguzi mwenye uzoefu apime kwa kidole kwanza.

Anaporuhusiwa kwenda nyumbani na tramadoli, hakikisheni dawa ya choo imo kwenye mfuko huo huo, na mama anajua itaendelea hadi tramadoli iishe.