Kabla hujampa wakala mzigo, muulize gharama za bandari ya kushukia

Mwaka jana mteja mmoja aliingia ofisini kwetu na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa bei ya usafirishaji aliyopewa na muuzaji wake: nauli ya meli ilikuwa ndogo mno, karibu bure. Ya pili ni ankara ya wakala wa bandari ya kushukia, na jumla yake ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile nauli. Mzigo wake, katoni 30 za vipuri, ulikuwa tayari uko ghalani na siku za bure zinakatika. Hatukuweza kumsaidia kupunguza kitu. Alilipa, akatoa mzigo wake.

Yaliyompata huwapata wengi wanaoagiza mzigo mdogo wa kuchangia kontena. Alinunua kwa CIF, maana yake muuzaji ndiye anayemtafuta wakala na kulipa nauli mpaka bandari ya kushukia. Wakala huyo anashindania kazi kwa muuzaji, kwa hiyo hushusha nauli hata chini ya gharama yake. Fidia anaitafuta upande wa pili, kwa mnunuzi ambaye hakumchagua na hawezi tena kumkwepa: gharama za kufungua kontena, utunzaji wa bandarini, nyaraka, hati ya kuachia mzigo, kisha ghala.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kununua kwa FOB au FCA, ambapo nauli ya meli unailipa wewe, ili wakala awe wako. (Kwa mzigo wa kontena FCA ndiyo inayofaa zaidi, ingawa wauzaji wengi bado huandika FOB kwa mazoea.) Kisha mwombe bei ya maandishi inayoonyesha pande zote mbili za safari, na kila tozo ionyeshe inahesabiwa kwa nini: kwa mita ya ujazo, kwa hati, au kwa mzigo mzima. Akikwambia "za huko utazijua mzigo ukifika", tafuta mwingine. Wakala anayefanya kazi na mwenzake wa upande wa pili kila wiki anazo bei zake mezani. Sisi hatutoi bei ya nauli peke yake, hata mteja akisisitiza, kwa sababu namba hiyo pekee haimwambii chochote.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa nitarudi kwa zile katoni 30. Muuzaji aliandika kila katoni ni sentimita 60 kwa 50 kwa 40, yaani mita za ujazo 0.12, na jumla 3.6. Uzito ulikuwa kilo 18 kwa katoni, jumla kilo 540. Kwenye mzigo wa kuchangia, mita moja ya ujazo huchukuliwa sawa na tani moja, na unatozwa kwa kilicho kikubwa. Tani 0.54 haifiki 3.6, hivyo alitozwa kwa ujazo. Lakini katoni zikijazwa sana hutuna. Ghalani zilipimwa tena zikatoka 63 kwa 53 kwa 42, na jumla ikawa mita za ujazo 4.2. Ni ongezeko la takriban asilimia 17, na liliingia kwenye kila tozo inayohesabiwa kwa mita ya ujazo, huku na huku.

Hakuna aliyemwibia hapo. Tatizo ni kwamba alijua baada ya meli kuondoka. Muulize wakala: mzigo ukipokelewa ghalani, nitapata vipimo lini? Jibu zuri ni kabla ya kupakiwa, wakati bado unaweza kubishana au kumwambia muuzaji afungashe upya. Kwetu mteja hupata vipimo pamoja na picha ya tepu ikiwa juu ya katoni.

La mwisho ni nani atakayeachia mzigo. Mzigo wa kuchangia una hati za shehena mbili: moja kampuni ya meli inampa mkusanyaji wa mizigo, nyingine wewe unapewa na wakala. Hati yako haikupeleki moja kwa moja kwa kampuni ya meli. Mwenye ile ya kwanza akiwa na deni huko, mzigo wako unaweza kukwama hata kama wewe umelipa kila kitu. Pata jina la wakala wa bandari ya kushukia kabla ya kukubali, umpigie mwenyewe, na umwombe orodha yake ya tozo. Ilinganishe na ile uliyopewa. Zikipishana, omba maelezo kwa maandishi kabla mzigo haujatoka kwa muuzaji.

Kama tayari una bei mkononi na huielewi, tuletee pamoja na orodha ya ufungashaji. Tutakupigia hesabu mstari kwa mstari, hata kama mzigo utampa mwingine.