Kuandika matokeo ya Bayes kwa msomaji wa p

“Wahakiki wangu wanajua p tu. Nikiripoti kwa Bayes, niandike nini ili wanielewe?”

Ndugu, anza na mgawanyo wa awali, yaani ulivyokadiria kiwango kabla ya kuona data, na uutetee kwa lugha ya kawaida. Chukua watu 100 walioonja chai mbili, 61 wakachagua ya kwanza. Jaribio la binomia la pande mbili linatoa p = 0.035, na mhakiki wako ataridhika hapo.

Sasa andika hivi: “Kabla ya data tulichukulia kila kiwango cha kuchagua chai ya kwanza, kuanzia 0 hadi 1, kuwa na uwezekano sawa, Beta(1,1). Baada ya data, kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba kiwango halisi kiko kati ya 0.51 na 0.70.” Sentensi hiyo ya pili ndiyo watu hudhani wanaisoma kwenye muda wa kujiamini wa kawaida, na sivyo.

Uwiano wa Bayes hapa ni 1.4 tu: data hizi zinatarajiwa mara 1.4 zaidi kama kuna upendeleo kuliko kama hakuna. Huo ni ushahidi hafifu, ingawa p iko chini ya 0.05. Usiuite uwiano huo uwezekano wa dhana kuwa kweli. Hapo wengi huteleza.

Halafu badilisha mgawanyo wa awali uone. Kwa Beta(10,10), unaokusanyika karibu na 0.5, uwiano unapanda hadi 3.1, lakini ule muda wa asilimia 95 unasogea kidogo tu, 0.50 hadi 0.68. Ripoti matokeo ya migawanyo yote miwili. Ukificha mgawanyo wa awali, ile 3.1 haina maana kwa msomaji.