Keki ya kilo moja: katikati mbichi, na faida haionekani

SWALI: Mwalimu, ninaokea nyumbani Kisauni, kwa oveni ndogo ya jiko la gesi isiyo na namba za joto. Keki yangu ya kilo moja ina unga nusu kilo, siagi robo, sukari gramu 300, mayai sita na kikombe cha maziwa. Hupasuka juu, huungua chini, na katikati hubaki mbichi. Naiuza shilingi 1,500, viungo pamoja na krimu vikinigharimu 700, lakini sioni faida. Nakosea wapi?

JIBU: Dada yangu, matatizo yako yote mawili yana chanzo kimoja, nacho utakiona ukiuweka mchanganyiko wako kwenye mizani kabla ya kuuokea. Vipimo ulivyonitajia, pamoja na mayai ya wastani ya gramu 50, vinafikia kama gramu 1,600. Keki hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya uzito kwa mvuke, kwa hiyo hutoka na gramu 1,400 na ushei, na ukishaipaka krimu inakaribia kilo mbili. Unauza kilo mbili kwa bei ya moja.

Wingi huohuo ndio unaoharibu kuiva. Mama zetu walipopika mkate wa sinia walipalia makaa juu ya kifuniko, ili moto uwe juu na chini, ilhali oveni yako ina moto wa chini peke yake. Mchanganyiko ukiwa mzito ndani ya chombo kimoja, kitako na kingo hukauka mapema, huku katikati kukiwa bado uji. Uji huo unapoanza kuumuka baadaye hukuta ngozi ya juu imeshakauka, nao huipasua ili upate njia.

Gawa kila kipimo kwa mbili: unga gramu 250, siagi 125, sukari 150, mayai matatu, maziwa nusu kikombe, na vijiko vidogo viwili vya beking pauda, isipokuwa kama unga wako ni wa kujiumua wenyewe. Mimina katika chombo cha inchi nane, na usivuke nusu ya kimo chake. Weka trei tupu kwenye waya wa chini ili ikinge moto, ukiacha nafasi pembeni joto lipande, kisha keki ikae kwenye waya wa katikati. Mteja akitaka kilo mbili, oka mbili za namna hii na uzipandanishe kwa krimu.

Kuhusu joto, keki inataka kama nyuzi 170. Washa moto mdogo dakika 20 kabla, kisha weka kijiko kidogo cha sukari juu ya karatasi ya foili ndani ya oveni kwa dakika 15. Sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186, kwa hiyo ikiyeyuka, punguza moto. Usifungue mlango kabla ya dakika 30, kwani keki ambayo haijashikana hubonyea ikipigwa na hewa ya nje. Kwa kawaida huiva kwa dakika 35 hadi 40: kingo hujitenga na chombo, na kijiti hutoka kikavu. Skonzi za hamira zinataka joto zaidi, karibu nyuzi 200, basi zioke baada ya keki, oveni ikiwa imeshapamba moto.

Sasa hesabu. Kwa kipimo chako cha zamani, viungo ni 700, ubao na boksi tuseme 150, gesi 80, na saa zako nne kwa shilingi 150 kila moja ni 600. Jumla ni 1,530, yaani unapoteza 30 kwa kila keki. Kwa kipimo kipya viungo ni 350, boksi 150, gesi 60, na saa tatu ni 450, jumla 1,010, na kwa bei ileile unabaki na 490. Nauli ya kupeleka, hasa ng'ambo ya feri, mteja ailipe mbali. Gesi usiikisie: andika idadi ya keki ulizooka kwa mtungi mmoja, kisha gawa bei ya mtungi kwa idadi hiyo.

Kwenye oda, pokea nusu ya malipo kwa M-Pesa kabla ya kununua hata yai moja. Mwambie mteja wazi kwamba kilo ni pamoja na krimu. Jina la mwenye siku yake ya kuzaliwa mwombe aliandike mwenyewe kwenye ujumbe wa simu; mimi niliwahi kulisikia kwa simu nikaandika Zuhura, kumbe mtoto ni Zahra, na ilinibidi kukwangua krimu yote nipake upya huku gari likisubiri mlangoni. Oka jana yake, upake krimu asubuhi keki ikiwa imepoa kabisa, kwa kuwa kwa joto la Mombasa krimu ya siagi ikiwekwa juu ya keki yenye uvuguvugu huteleza kabla haijafika kwenye boksi.