Akaunti ya pamoja: nani katoa hela, na nani ana ruhusa ya kutoa

Mimi na dada yangu tuna akaunti moja ya kupokelea kodi ya nyumba aliyotuachia mzee, na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba stetimenti haikuambii jina la aliyetoa hela, inakuambia njia iliyotumika, sasa hapo ndo inabidi ujue kuisoma.

Chukua mstari huu:

```
09/06  ATM WDL 4417   400,000 DR   1,460,000
```

DR maana yake hela imetoka, CR imeingia, na namba ya mwisho ni salio lililobaki. Mimi nilivyouona nikampigia, akaniambia mdogo wangu mimi Jumatatu nilikuwa Tanga, hata ATM sijaisogelea. Na kweli. Ila hizo 4417 ni tarakimu nne za mwisho za kadi yake, yangu zinaishia tofauti kabisa, na tarehe ya kwenye stetimenti ni siku benki ilipoingiza muamala kwenye vitabu, so hela ya wikendi mara nyingi inasomeka Jumatatu. Akakumbuka mwenyewe, Jumamosi alimlipa fundi wa bati. Ndo maana nasema kila mtu awe na kadi yake, mkishea moja hamtajua kitu.

Penye giza ni kwenye apu. Ukirusha hela kwa simu, kwetu inaonekana namba ya aliyepokea tu, aliyerusha haonekani, kwa hiyo tumekubaliana kile kisehemu cha maelezo tusikiache wazi, unaandika herufi ya jina lako na kazi yenyewe, mfano "Z bomba la choo". Na meseji za benki zinaenda kwenye namba iliyosajiliwa tu, kwa hiyo kama mlisajili ya mmoja, mwenzake anakaa gizani mpaka achukue stetimenti (nendeni tawini wote mkaongeze ya pili).

Kuhusu ruhusa sasa. Kuona, wote mnaona kila kitu, hata miamala ya mwenzio. Kutoa inategemea mlichojaza kwenye fomu siku mnafungua. Mkichagua saini ya yeyote, mmoja wenu anaweza kutoa mpaka shilingi ya mwisho bila kukuuliza na benki haina kosa, haijalishi nani aliweka nyingi. Mkichagua saini za wote, hakuna anayetoa peke yake, lakini mara nyingi kadi hampewi na apu inabaki ya kuangalizia salio tu, hata fundi wa laki moja mnajaza fomu na kusaini wawili.

Sisi tulibaki na ya yeyote kwa sababu dada anasafiri sana. Ila kodi ya mwaka ikiingia kwa mkupuo, nusu tunaihamishia akaunti nyingine ya saini mbili, ile haina kadi kabisa.